Asubuhi Mama Mkunga Alipoisahau Kamera

Mara ya kwanza tulimkalisha kwenye kiti kinachozunguka, na kiti kile peke yake kilitosha kuharibu kazi yote.

Ilikuwa katika biro, yaani ofisi, ya shirika moja kule Himbi, mtaa wa Goma ulio karibu na ziwa. Shirika hilo lilikuwa limetuagiza filamu fupi kuhusu wanawake waliofanya kazi ya ukunga katika kambi za Mugunga, miaka ile watu walipokuwa wanakimbia vijiji na kurundikana huko chini ya mabashe, yale maturubai ya plastiki. Mimi ndiye niliyekuwa muongozaji. Nilikuwa na wenzangu wawili: mpiga picha, mwanaume wa makamo aliyezoea kuongea kidogo, na fundi wa sauti, mwanamke mwenye subira kuliko sisi wote. Mama mkunga tuliyekuja kumhoji alikuwa mwenyeji wa Rutshuru, mwenye miaka hamsini na kitu, aliyevaa kitenge chake kizuri kuliko vyote kwa ajili yetu.

Mkuu wa mawasiliano wa shirika alikuwa ametuchagulia chumba cha mikutano, kwa sababu kilikuwa na umeme usiokatika. Tukasimamisha taa mbili kubwa mbele ya uso wa yule mama, kamera ikawekwa mbele yake kwa umbali wa hatua mbili, na nyuma yangu wakaketi wafanyakazi wanne wa biro waliotaka kuona filamu inavyotengenezwa. Mimi nilishika karatasi ya maswali. Nikamwuliza alijisikiaje kuishi katika mateso yale.

Alijibu kwa Kifaransa, kama mtu anayesoma ripoti. Alianza kwa kulishukuru shirika. Kisha akasema kwamba hali ilikuwa ngumu, kwamba wanawake waliteseka sana, kwamba wanaomba msaada uendelee. Macho yake yalikwenda kwenye lenzi, yakatoka yakaenda kwa mkuu wa mawasiliano, yakarudi kwenye lenzi. Taa zilimfanya akunje uso na jasho likamtoka juu ya mdomo. Na kila alipotafuta neno, magoti yake yalikisukuma kiti kidogo kushoto, kidogo kulia, nacho kikalia. Tulirekodi dakika arobaini. Hapakuwa na hata dakika moja ya mtu aliye hai.

Tulipozima taa, alitoka kusubiri pikipiki getini, na fundi wa sauti akamsindikiza. Huko getini mama, akicheka, alimsimulia jinsi glavu zilivyokuwa zinaisha kambini, naye akawa anavaa mikononi mifuko ya plastiki ya mkate, akaifunga kwa uzi kwenye kifundo, na mtoto akatoka salama. Fundi wa sauti aliporudi na kunisimulia hayo, niliona aibu. Filamu yetu ilikuwa imesimama getini, sisi tukiwa ndani tunakunja nyaya.

Nilimwomba mkuu wa mawasiliano anipe asubuhi moja zaidi, nyumbani kwa mama. Hakutaka. Alisema wafadhili wanasubiri. Mwishowe alikubali, ila akaniambia jambo moja waziwazi: safari hii alitaka machozi, maana bila machozi watu wa mbali hawaangalii hadi mwisho. Nilipaswa kumjibu pale pale, nikaona ni afadhali nipate ruhusa kwanza.

Siku mbili kabla ya kurekodi nilikwenda mtaani kwake Katoyi peke yangu, bila kamera. Hiyo ndiyo nusu ya kazi, na siku ya Himbi nilikuwa nimeiruka. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, imesimamishwa juu ya mawe meusi ya volkano, na paa la bati. Sebule ilikuwa na dirisha moja. Nilikaa naye tangu asubuhi hadi mchana nikiangalia vitu vitatu: mwanga unaingia wapi na saa ngapi, yeye mwenyewe anapenda kukaa wapi, na mikono yake inafanya nini anapoongea. Mwanga mzuri ulikuwepo kuanzia saa tatu hadi karibu saa sita. Alipenda kiti cha mbao cha miguu minne kando ya dirisha, mgongo ukutani, mahali anapoweza kuona mlango. Na mikono yake ilifuma kofia za sufu za watoto wachanga, mfululizo, bila yeye kuiangalia.

Nilimwuliza nini kilimsumbua kule Himbi. Akafikiri kidogo.

"Ile kamera ilikuwa inaniangalia kama askari wa bariyeri ya barabarani," alisema. "Mutu wa bariyeri akikuangalia, unatafuta tu ile jibu itakupitisha."

Siku hiyo nilimwona pia binti yake, msichana wa miaka kama kumi na mbili, mrefu, mwenye haya, aliyerudi kutoka shuleni saa sita na nusu, akavua viatu mlangoni na kuja kunishika mkono. Mama alimwita kipenzi chake cha mwisho. Niliandika kwenye daftari langu: tumalize kabla ya saa sita na nusu. Niliandika hivyo kwa sababu ya kelele tu. Sikuwa na sababu nyingine.

Kabla ya kuondoka nilipita kwa jirani mwenye karakana ya kuchomea vyuma. Nikamsalimia vizuri na kumwomba atupe ukimya siku hiyo kuanzia saa tatu. Akakubali.

Asubuhi yenyewe tulifika saa mbili. Siku hizi kamera ni kitu cha kupitisha kimya mjini, kwa hiyo mpiga picha aliibeba ndani ya mfuko wa mchele, stendi yake ya miguu mitatu ikiwa imefungwa katika mkeka. Njiani tulisimamishwa mara moja. Mtu mwenye bunduki aliyetusimamisha aliukanyaga mkeka kidogo kwa kiatu chake, akauliza tunaenda wapi, tukasema kwa mama yetu Katoyi, akatuacha. 

Fundi wa sauti alianza kazi yake kwanza, makusudi. Alimbandikia mama mikro ndogo chini ya kola kwa utepe laini, akapitisha waya ndani ya kitenge, kisha akamwambia aendelee na shughuli zake. Nami nikamwambia kwamba kuanzia sasa mikro inamsikia, na kwamba tukikaa, kamera nayo itaanza. Akasema sawa. Akachemsha chai, akamimina, akamfukuza kuku, akasahau kwamba ana waya mwilini. Nusu saa ya namna hiyo inafanya kazi ambayo maneno ya kumtuliza mtu hayawezi kufanya.

Wakati huo sisi tulikuwa tunapanga chumba. Nje ya dirisha tulitundika shuka jeupe, ili jua lisiingie kama upanga bali lisambae. Chini ya ukingo wa paa tukaweka taa moja ya batri, ikiangaza ndani ya shuka hilohilo, kwa sababu anga ya Goma hubadilika kila wakati, na wingu likipita sikutaka uso wake uingie giza katikati ya sentensi. Ndani hatukuweka taa hata moja. Upande wa pili wa uso wake tulitundika kitambaa cheusi, ili kivuli kibaki kivuli. Kamera tuliisimamisha kwenye mlango wa chumba cha kulala, hatua nyingi nyuma, nusu yake ikiwa imefichwa na pazia, tukitumia lenzi ndefu inayoweza kumleta karibu bila kumsogelea. Mpiga picha alifunika taa yake nyekundu kwa utepe mweusi, akazima milio yote, akageuza kioo kidogo cha picha ili mama asije akajiona.

Kisha nikatafuta kiti changu. Nilijaribu vitatu hadi nikapata kigoda kilichoyaweka macho yangu sawasawa na macho yake, si juu wala chini. Nikakiweka karibu naye, magoti yetu yakikaribia kugusana, mahali ambapo lenzi ilipita kando ya sikio langu la kushoto. Hivyo angeniangalia mimi, na mtazamaji angemwona uso karibu wote. Chini ya miguu ya kiti chake tuliweka vipande vya kitambaa kisilie. Karatasi ya maswali niliiacha kwenye mfuko.

Hatukusema "tayari" wala "anza". Tulikuwa tumeelewana na mpiga picha kwamba nikiweka kikombe changu chini, anarekodi.  Tukaketi. Mama akachukua sufu yake. Nikanywa chai hadi mwisho, nikaweka kikombe chini.

Nilimwuliza maji ya kuzalishia walikuwa wanayachemshia wapi.

Ni swali dogo, na ndiyo maana nililichagua. Mtu hawezi kulijibu kwa maneno ya ripoti. Alianza kwa Kifaransa, akasema walikuwa na mawe matatu nyuma ya hema. Kisha akakumbuka kwamba kuni zilikuwa mbichi na moshi uliingia ndani kwa wanawake wanaojifungua, na hapo akahamia Kiswahili. Nikamwuliza hema lilikuwa na mlango upande gani. Akaweka sufu magotini na kunionyesha kwa mikono: hapa mlango, hapa kitanda, hapa sanduku la dawa. Nilitikisa kichwa bila kutoa sauti, maana kila "mm" yangu ingeingia katika maneno yake. Nikauliza nani alikuwa anamshikia taa. Nani alikuwa anakata kitovu. Akanisimulia mifuko ya mkate, akacheka vilevile kama getini.

Baada ya dakika ishirini hivi, niliona aliacha kuangalia pazia. Baada ya nusu saa alivua kandambili na kukanyaga sakafu kwa miguu mitupu. Sauti yake ilishuka, akawa ananieleza mimi tu. Nyuma yangu mpiga picha hakusogea. Nilikuwa nimemwomba asimwangalie mama moja kwa moja, aangalie kioo chake tu, kwa sababu jicho la mtu huvuta jicho la mwingine hata kutoka gizani. Nilijua tumefika. Katika kazi hii kuna wakati ambapo chumba kinabaki na watu wawili tu, ingawa wako wanne, na muongozaji akishaufikia anaogopa hata kumeza mate.

Nikamwomba anipeleke kwenye ile siku ambayo kambi yenyewe ilikimbia. Sikumwuliza alijisikiaje. Nilimwuliza alikuwa amesimama wapi.

Alisema alikuwa ndani ya hema na mwanamke mmoja kutoka Masisi aliyeshikwa na uchungu tangu alfajiri. Ilikuwa asubuhi. Watu nje walikuwa wanafunga magodoro, mabomu yanasikika upande wa Sake, na wakunga wenzake wawili walikuwa wamekwisha kuondoka. Mume wa yule mwanamke alikuwa amerudi kijijini siku mbili nyuma kutafuta chakula. Mtoto alitoka, msichana, mzima. Kisha damu ikaja, na haikusimama. Alisema alifanya yote aliyoyajua, akanieleza moja baada ya jingine, mikono yake ikiyarudia hewani. Kisha mikono ikatulia.

Nilinyamaza. Nilihesabu moyoni hadi saba. Ukimya wa namna hiyo ni swali lenye nguvu kuliko maswali yote, na nilikuwa nimejifunza kutoujaza.

Alisema alimfunga mtoto mgongoni na kutembea naye hadi mjini.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Nilikumbuka yule msichana mrefu mlangoni, akivua viatu. Nikahesabu miaka. Na ni lazima niseme ukweli: pamoja na hofu hiyo nilikuwa na furaha, furaha ya mwizi, kwa sababu nilijua kwamba nyuma ya sikio langu la kushoto lenzi ilikuwa inakunywa kila kitu.

Ningeweza kumsimamisha. Sikumsimamisha. Nilinyamaza tena.

"Mwezi haukuisha, ule papa, bwana ya ule mama, akakuya," alisema. "Aliuliza batu yote ya kambi hadi wakamuonyesha mimi. Alisimama mbele yangu na kofia kwa mukono. Na miye nilikuwa nimezika mutoto wangu ule mwaka, maziwa haikukauka hata. Nilimuambia: bibi yako na mutoto, bote wawili walikufa."

Aliniangalia machoni kabisa. Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayemweleza dada yake njia ya sokoni.

"Akanishukuru," alisema. "Akanishukuru ju ya kuzika batu yake."

Wakati huohuo, pembeni mwa jicho langu, fundi wa sauti aliinua kidole. Yeye alikuwa anasikia kwa ekuteri masikioni kile ambacho sisi hatukuwa tumekisikia bado. Sekunde moja baadaye nami nikasikia: bati la geti likikwaruza mawe, na hatua nyepesi zikija juu ya kokoto za volkano. Shule ilikuwa imewaachilia mapema. Mama hakusikia kitu. Nilikuwa nimemtengenezea chumba ambamo hakuna kinachosikika, na alikuwa ndani yake kabisa. Alikuwa anaanza kusema jina la yule papa, na jina la kijiji chake.

Kati ya geti na mlango kulikuwa na hatua labda kumi na tano. Sijui niliwaza nini. Nakumbuka tu kwamba nilisimama, kigoda kikaanguka nyuma yangu, nikaenda nikasimama kati yake na lenzi.

"Mama, nyamaza kwanza," nilisema. "Mutoto amerudi. Na kamera ingali inatembea."

Hakunielewa mara moja. Aliangalia pazia. Nikaona uso wake unarudi kutoka mbali, unaliona jicho la kioo, unaikumbuka mikro, na mkono wake ukapanda hadi kwenye kola na kuishika kupitia nguo. Nimeona watu wengi wakiogopa katika mji huu. Sijawahi kuona woga ule tena, nao nilikuwa nimeuleta mimi, kwa kigoda na shuka na chai.

Msichana aliingia, akavua viatu, akatusalimia mmoja mmoja kwa mkono. Akauliza kama kazi imeisha. Mama alisema kwa sauti ambayo karibu ilikuwa yake kwamba bado, na kwamba aende kununua chumvi. Msichana aliangalia kigoda kilichoanguka, akamwangalia mama yake, akavaa viatu tena na kutoka.

Geti lilipofungwa, mama alituuliza yeye mwenyewe amesema nini.  Akauliza tena, akasema anataka kujisikia mwenyewe. Fundi wa sauti alivua ekuteri zake, akampa, tukarudisha rekodi nyuma. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono mmoja ukiwa umeshika ukuta wa mbao. Aliposikia mwisho alizivua polepole na kuzirudisha kwa adabu, kama mtu anayerudisha kikombe.

Aliniuliza nani atayaona haya. Nikamjibu bila kuficha: watu wa Himbi kwanza, kisha watu wa nje, kisha, kwa kuwa siku hizi kila kitu kinapita kwenye simu, mtu yeyote wa Katoyi.

"Kule Himbi nilikuwa najichunga," alisema. "Wewe ukakuya hapa, ukanikalisha kwa kiti yangu, ukaniangalia kama mutoto wa ndugu yangu. Ukanifanya nisahau."

 Nilisema tu kwamba ni kweli.

Mpiga picha aliniita uani. Kwa mtu wa maneno machache, siku hiyo aliongea mengi. Alisema katika miaka yake yote hakuwahi kupiga picha kama ile, na kwamba nimeivunja mwishoni kwa mgongo wangu, lakini kilichotangulia kinatosha. Tunaweza kuficha uso, alisema, tunaweza kubadilisha sauti. Sikumlaumu, maana maneno hayohayo yalikuwa yanapita kichwani mwangu. Ni fundi wa sauti aliyeyamaliza. Alikuwa amesimama mlangoni akikunja waya.

"Uficheni uso," alisema. "Ule mutoto ataijua mikono ya mama yake."

Kamera yetu ilikuwa inaandika picha na sauti kwenye kadi mbili kwa pamoja, moja ikiwa akiba ya nyingine. Nilizitoa zote mbili, nikaingia ndani na kumpa mama. Nilimwambia ni zake hadi atakapoamua. Akiamua kuzitupa chooni, hakuna atakayemwuliza. Alizifunga kwenye kona ya kitenge kwa fundo. Tulikunja shuka letu, tukairudisha kamera kwenye mfuko wa mchele, tukaondoka kabla msichana hajarudi na chumvi. Mpiga picha alitembea mbele yetu hadi barabarani.

Himbi walinipokea vibaya. Mkuu wa mawasiliano aliuliza rekodi iko wapi, nikamwambia iko kwa mwenyewe. Alidhani ninamtania. Kisha akasema mama alitia sahihi karatasi ya ruhusa, na kwamba karatasi ni karatasi. Nilimjibu kwamba karatasi aliitia sahihi mama wa Himbi, yule aliyekuwa anajichunga. Yule aliyeongea Katoyi hakuwa amenipa ruhusa ya kitu chochote. Mkuu wa mawasiliano akasema kwamba huenda kazi hii si ya watu wenye moyo kama wangu. Sijawahi kuitwa tena na biro ile.

Siku tisa nilikaa bila habari. Nilikuwa nalala vibaya, nikiamka na kufikiri kwamba msichana ameziona kadi, kwamba amepata mtu wa kumfungulia, kwamba nimevunja nyumba ya watu. Siku ya kumi mama alinipigia simu na kuniambia nije na mashine ya kufungulia picha, nije na yule mama wa sauti, na yule papa wa kamera abaki kwake.

Tuliketi watatu kitandani mwake, mlango umefungwa, msichana akiwa shuleni. Alitazama yote tangu mwanzo. Alipofika kwenye mifuko ya mkate alitabasamu kidogo. Tulipofika pale alipotaja yule mwanamke wa Masisi, aliweka kidole kwenye kioo. Hadi hapa, alisema. Tukakata mbele yake, tukafuta mbele yake, tukamwonyesha kwamba kwenye kadi moja hakuna kilichobaki cha baada ya hapo. Ile nyingine alisema atakaa nayo. Akaiweka ndani ya bahasha ya diploma yake, nasi hatukumwuliza kwa nini.

Kilichobaki kilitosha kwa filamu: maji, moshi, mlango wa hema, mifuko ya mkate, na mwanamke anayecheka huku mikono yake inafuma. Hakukuwa na machozi. Watu walioiona waliniambia kwamba walijihisi wameketi sebuleni kwake. Mpiga picha alikuja kwenye maonyesho, akaketi safu ya nyuma, na baadaye akanishika bega alipokuwa anatoka. Bado tunafanya kazi pamoja.

Nami bado napanga viti kwa namna ileile, na shuka, na kigoda. Sijui namna nyingine ya kumfikia mtu. Lakini maneno ambayo siku ile niliyapitisha haraka kabla chai haijachemka, sasa nayasema nikiwa nimeketi na sina kikombe mkononi: kwamba nitajitahidi usahau kamera, kwamba mimi ndiye nitakayeikumbuka kwa niaba yako, na kwamba ukimaliza tutasikiliza pamoja kabla sijaondoka. Wengine hukaza uso wakisikia hivyo, na inanigharimu nusu saa zaidi ya maswali ya maji na kuni. Na mtu anapoanza kuingia mahali ambapo naona hatatoka kirahisi, namgusa goti na kumwambia kamera ipo. Mara nyingine anaendelea. Mara nyingine ananyamaza, na mpiga picha nyuma ya pazia anashusha pumzi.

Mama mkunga alinipigia tena likizo kubwa ilipokuwa inakaribia kwisha. Alisema amemweleza msichana. Hakuniambia alimwelezaje, ila kwamba walikuwa jikoni, na kwamba msichana alikwenda kulala kwa jirani siku nne. Aliporudi aliuliza jambo moja tu: mama yake mzazi aliitwa nani. Mama mkunga alikuwa analijua jina hilo, kwa kuwa alikuwa ameliandika mwenyewe kwenye daftari la wanaojifungua, asubuhi ile, kabla ya kukimbia.

Kumtafuta baba kulichukua miezi. Walipitia parokia moja hadi nyingine, na mtu wa Masisi aliyekuwa anauza jibini sokoni ndiye aliyemjua. Alikuwa hai. Alikuwa ameoa tena na ana watoto wengine. Aliposikia hakuja mara moja, na mama mkunga alikaa wiki hizo akisubiri polisi, au panga, au kimya cha milele. Kisha siku moja ya Jumapili alikuja, mchana, na kaka yake.

Sikuwepo, wala kamera haikuwepo. Mama alinisimulia kwa simu, kwa sauti ya chini, kwamba aliwakaribisha sebuleni, na alipofungua mdomo kuomba msamaha yule papa aliinua mkono kumzuia. Hakusema amesamehe. Mpaka leo hajasema. Alikaa pale kwa muda mrefu, akimwangalia msichana aliyekuwa amesimama karibu na mlango akivuta vidole vyake.

"Nilifikiri atanipiga," mama aliniambia. "Akamuuliza tu mutoto yuko darasa la ngapi."